Mwaka Uliobaki Ndani ya Mstari

Ofisini walimwita Bi Kizingiti. Jina alibandikwa na dereva wa ambulansi, mtu wa mizaha, kwa sababu hakukuwa na kikao ambacho mama huyu hakuuliza: "Tumevuka kizingiti au hatujavuka?" Kazi yake ilikuwa kufuatilia magonjwa ya wilaya nzima. Kila Jumatatu asubuhi vituo ishirini na vitatu vilimtumia hesabu za wiki iliyopita: wangapi wameharisha, wangapi wana surua, wangapi wamekutwa na malaria. Yeye alizipitia moja moja, kama mama anayepapasa vipaji vya nyuso za watoto wake kabla hawajaenda shule, kuona nani ana joto.

Jumatatu hiyo mvua ilikuwa imekatika alfajiri na madirisha ya ofisi yalikuwa yametoka jasho. Alifungua kompyuta. Vituo vyote vilikuwa na rangi ya kijani, maana yake hakuna la kutisha. Akashuka na orodha hadi kituo cha kata ya juu, kule milimani kwenye baridi, na mkono wake ukasimama.

Malaria: arobaini na moja.

Rangi ilikuwa kijani. Wala haikuwa kijani ya kubahatisha. Mfumo uliandika chini yake kwamba wastani wa wiki kama hiyo kwa kata hiyo ni arobaini na sita. Kwa hiyo kata ilikuwa chini ya wastani, na mtu mwingine yeyote angepita. Lakini Bi Kizingiti hakupita, kwa kuwa namba hiyo alikuwa akiifahamu. Miaka mitatu iliyopita, namba ilipofika arobaini na moja, simu yake ililia.

Aliyepiga alikuwa tabibu wa kituo kile cha juu. "Dada," alisema siku hiyo, "hii siyo kawaida. Mimi nipo hapa miaka sita. Watu wazima wanaletwa wamebebwa. Tuma watu." Naye, akiwa na fomu za vituo vingine mezani, kata za bondeni zikiwa na wagonjwa mia tisa kwa wiki na hakuna anayelia, alimjibu maneno ambayo tangu hapo yalikataa kumtoka kichwani: "Kaka, arobaini tu? Malaria tumezaliwa nayo. Tuangalie wiki nyingine moja."

Wiki nyingine moja ilileta sabini na tisa. Iliyofuata, mia moja thelathini na nane. Mpaka mvua zinaisha, kata ya juu ilikuwa imezika watu thelathini na saba. Mmoja wao alikuwa mke wa tabibu, mimba ya miezi saba.

Bi Kizingiti alimwona mwanamke yule mara moja tu, alipokwenda kukagua kituo. Alikuwa amevaa sweta la kijani na akamcheka kwa viatu vyake vya mjini vilivyonasa kwenye tope. "Wifi, huku tunakuja na buti!" Hilo tu. Lakini tangu msiba ule, sweta lile lilimfuata. Aliliona sokoni, likiingia kwenye kona. Aliliona kwenye foleni ya benki, mbele yake watu watatu, na mwenye nalo alipogeuka alikuwa mtu mwingine kabisa. Mume wake alimshauri apumzike. Alipumzika wiki mbili, akaliona nyumbani, kwenye kamba ya jirani, likichuruzika maji.

Tabibu hakupiga simu tena. Alituma fomu kila Jumatatu, kwa wakati, bila kosa. Sehemu ya maoni, pale chini, ambayo zamani aliijaza mpaka pembezoni, kwa miaka mitatu aliiacha tupu.

Na Jumatatu hii pia ilikuwa tupu.

Akamwita Bwana Mfumo. Huyu ndiye aliyeweka ile programu ya kompyuta mwaka uliopita, mtu mpole mwenye ndevu, ambaye kabla ya kujibu chochote hufuta miwani.

"Hii arobaini na sita umeitoa wapi?"

"Siyo mimi, mama. Mfumo. Unachukua wiki hiyohiyo kwa miaka mitano iliyopita, unatafuta wastani, halafu unaangalia namba za nyuma huwa zinapishana kiasi gani, unaongeza mara mbili ya hicho kiasi. Pale inapoangukia ndipo mstari wa hatari, kile kizingiti chako. Ukivuka, taa nyekundu."

"Mstari wa kata ya juu wiki hii uko wapi?"

Akabonyeza. "Mia moja arobaini na tisa."

"Nionyeshe hiyo miaka mitano."

Namba zikajipanga kwenye kioo. Ishirini na moja. Ishirini na sita. Mia moja thelathini na nane. Ishirini na nne. Kumi na tisa.

Bi Kizingiti aliitazama ile ya katikati. Ilikuwa imekaa pale kati ya wenzake wadogo kama mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha chekechea. Zamani, alipokuwa akichora michoro kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, angeiacha nje bila hata kufikiri. Mwaka wa mlipuko hautumiki kupimia kawaida. Lakini hakuna aliyeiambia kompyuta. Nayo ikawachukua wale wagonjwa wote, pamoja na wale waliozikwa, ikawaweka kwenye hesabu ya mambo ya kawaida. Wao ndio waliokuwa wameunyanyua mstari juu kiasi kile, na chini yake watu walio hai walikuwa wakiugua bila kuonekana.

"Itoe," alisema. "Weka mwaka mwingine wa nyuma zaidi, ule kabla ya hii mitano. Upo kwenye faili la karatasi, wagonjwa ishirini na watatu."

Bwana Mfumo akafuta miwani, akaandika, akabonyeza. Mstari ukaanguka kutoka mia moja arobaini na tisa mpaka ishirini na nane. Kijani ikawa nyekundu. Wiki iliyotangulia nayo, iliyokuwa na thelathini na moja, ikawa nyekundu.

Nje dereva wa ambulansi alikuwa anaosha gari huku anapiga mluzi.

"Mama," Bwana Mfumo alisema taratibu, "tuko ndani ya mlipuko wiki ya pili?"

"Sijui bado. Mstari unaniambia niinuke kwenye kiti, basi. Inaweza kuwa vipimo vimeongezeka, wanapima watu wengi kuliko zamani. Inaweza kuwa ni vibarua wametoka bondeni na malaria yao. Inaweza kuwa mtu kajumlisha vibaya. Kesho asubuhi napanda."

Kuhusu kujumlisha vibaya alisema kwa ajili ya utaratibu tu. Tabibu yule hakuwa mtu wa kujumlisha vibaya.

*

Kituo cha kata ya juu kilikuwa nyumba ndefu ya matofali, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye kibaraza. Watu walikaa kwenye mabenchi wamejifunika blanketi, na katika ukungu ule ulisikia meno yakigongana kabla hujaona sura. Bi Kizingiti alipita kati yao akisalimia. Mwishoni mwa benchi kulikuwa na bega la kijani. Hakuligeukia. Alijilazimisha kuhesabu vichwa: thelathini na mbili, saa mbili na nusu asubuhi.

Tabibu alitoka chumba cha sindano. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zilikuwa zimeingia mvi.

"Karibu, Afisa," alisema.

Siyo dada. Afisa. Bi Kizingiti alilipokea kama mtu anayepokea anachostahili.

"Nimekuja kuangalia rejista."

"Ipo mezani. Maabara iko palepale."

Akakaa na rejista mpaka adhuhuri. Alianza na vipimo. Mwaka uliopita, wiki kama hii, walipima watu mia moja na kumi na wawili, wakapata kumi na tisa wenye malaria. Wiki iliyopita walipima mia moja na kumi na wanane, karibu idadi ileile, wakapata arobaini na mmoja. Kwa hiyo upimaji haukuongezeka, ugonjwa ndio ulioongezeka. Akaenda maabara kuhakikisha vipimo vya haraka havijaharibika. Mama wa maabara akamwekea kioo chini ya hadubini, akamwambia, "Angalia mwenyewe, mwanangu. Kuna haja ya kubishana na hivyo?" Vijidudu vilikuwa vimejaa kwenye chembe za damu kama pete ndogo zenye jicho.

Akahesabu umri. Kule bondeni, ambako malaria haiondoki mwaka mzima, wanaolazwa zaidi ni watoto wadogo. Mtu mzima mwili wake umeshajifunza kupigana nayo. Hapa, kati ya arobaini na mmoja, ishirini na wawili walikuwa watu wazima. Miili ya watu wa milimani haikuwa na kumbukumbu ya adui huyu.

Lililobaki lilikuwa la safari, na hilo halikuandikwa kwenye rejista. Ikabidi atoke kibarazani na daftari, amuulize kila aliyekutwa na malaria siku hiyo. Umelala wapi mwezi huu uliopita? Ulishuka bondeni? Kuna mgeni nyumbani? Mzee mmoja mfyatua matofali, mwenye macho mekundu na kofia ya sufi, alimcheka.

"Nishuke bondeni kufanya nini, binti? Sijalala nje ya kilima hiki tangu nilipomzika mama yangu."

"Umeanza kuumwa lini, baba?"

"Siku ya nne leo. Nilidhani ni uchovu. Barabara mpya hii wanatuchimbia kifusi, mashimo yamejaa maji mpaka mlangoni. Mbu hawa sijawahi kuwaona."

Kati ya kumi na wanne aliowauliza, kumi na wawili hawakuwa wametoka. Ugonjwa ulikuwa unaambukizwa palepale.

Akarudi ndani. Tabibu alikuwa anaosha mikono. Nyuma yake mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa wazi, na kitanda cha dirishani hakikuwa na mtu wala shuka, ingawa wagonjwa wawili walilala chini kwenye godoro. Hakuuliza nani alilala pale mara ya mwisho. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyekuwa anakitumia kitanda kile.

"Daktari," alisema, "ni mlipuko. Kesho napeleka kwenye kikao."

Tabibu akaendelea kuosha mikono. "Nilijua wiki mbili zilizopita."

"Kwa nini hukunipigia?"

Hapo ndipo alipogeuka. "Nilishakupigia mara moja."

Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Bi Kizingiti akasema tu lililokuwa kweli.

"Kompyuta ilikuwa inasema mko chini ya wastani. Nimegundua sababu jana. Ule mwaka umo ndani ya hesabu. Nimeutoa."

"Umeutoa?" Uso wa tabibu ulibadilika. "Umeufuta? Mke wangu yumo kwenye mwaka ule. Mwanangu yumo, ingawa hamkumhesabu. Watu thelathini na saba, unabonyeza kitufe hawapo?"

"Hawajafutwa. Majina yapo, rejista ipo, ripoti ipo. Lakini walipokuwa ndani ya ule mstari, unajua walikuwa wanahesabiwa kama nini? Kama kawaida. Mashine ilikuwa inasema kila mwaka, wiki kama hii, kwenu ni kawaida watu mia na zaidi kuugua. Nimewatoa kwenye kawaida, Daktari. Haikuwa kawaida. Wewe uliniambia haikuwa kawaida, na mimi nikasema ni kawaida."

Mtoto alikuwa analia kibarazani, mama yake anambembeleza kwa sauti ya kuchoka.

"Hakufa kwa mambo ya kawaida," tabibu alisema mwishowe, kama anajiambia mwenyewe.

"Hapana."

"Basi mtoe." Akajifuta mikono. "Na ukifika huko chini, useme nina dozi kumi na moja tu za sindano ya malaria kali. Siyo kumi na mbili. Moja imetumika sasa hivi."

*

Kikao kilifanyika Jumatano saa tatu, kwenye chumba chenye feni mbovu. Alikuwepo Mganga Mkuu wa wilaya, ambaye wote walimwita Mkuu. Alikuwepo Bwana Mfumo na michoro miwili, wa zamani na mpya. Na alikuwepo diwani wa kata ya juu, mtu wa sauti kubwa, aliyefika bila kualikwa na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akikunja na kukunjua karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule wa msiba alihojiwa na wakubwa mara nne, na tangu hapo alikuwa na tabia ya kutazama mlango kila unapofunguka.

"Bi Kizingiti, mimi nakuelewa. Lakini wiki iliyopita bondeni wamepata wagonjwa mia nane na sitini. Mia nane! Hatujasema neno. Leo niseme arobaini na moja ni mlipuko? Wataniuliza kama najua kuhesabu. Tuandike ongezeko la msimu."

"Mkuu, bondeni malaria ni mwenyeji. Iko pale mwaka mzima, tunaijua itapanda lini na itashuka lini, na mia nane na sitini ndiyo idadi tunayoitegemea kwa wiki hii. Hiyo haina maana ni ndogo. Inaua watu wengi kuliko mlipuko wowote, na ni aibu yetu kwamba tumeizoea. Lakini haijavuka mazoea yake. Mlipuko ni pale ugonjwa unapozidi tuliyoyatarajia, mahali hapo, kwa watu hao, kwa wakati huo. Kule juu tunatarajia ishirini na mbili, ishirini na tatu. Wamefika arobaini na moja, wiki ya pili juu ya mstari, na wameambukizwa nyumbani kwao. Kungekuwa na ugonjwa ambao haujawahi kuonekana kabisa, mgonjwa mmoja tu angetosha."

Diwani akapiga meza. "Mimi nasema mnatumia maneno madogo! Tangazeni janga la dunia! Hapo ndipo misaada itakuja, helikopta zitatua!"

Bwana Mfumo akainama kuficha kicheko. Hata Mkuu akatabasamu kidogo.

"Mheshimiwa," Bi Kizingiti alisema, "janga la dunia siyo daraja la ukali, useme huu umezidi tuupandishe cheo. Ni upana. Ni ugonjwa uliovuka mipaka ya nchi nyingi, mabara kwa mabara, unaambukizana kila upande. Na hilo halitamkwi kwenye chumba hiki, lina wenyewe wanaotazama dunia nzima. Wetu uko kwenye kata moja. Nikisema janga la dunia, watu watafunga milango na kukimbia wasikojua, na wanaotakiwa kuleta dawa watatucheka. Nikisema ni ugonjwa mwenyeji, hakuna atakayeinuka kwenye kiti. Neno la kweli ni moja tu, na neno hilo lina kazi zake: dawa ndani ya siku mbili, wapulizia dawa ya mbu majumbani, vyandarua, wahudumu wa kupita nyumba kwa nyumba, wajawazito kwanza."

"Na tukikosea?" Mkuu aliuliza, polepole. "Tukipeleka vyote hivyo, na wiki ijayo namba zikashuka zenyewe?"

"Tutakuwa tumepulizia nyumba dawa bure na watu watanicheka. Nitavumilia. Mara ya kwanza nilisema tusubiri wiki moja, Mkuu. Wewe ulisaini, lakini maneno yalikuwa yangu."

Mkuu alitazama mlango. Haukufunguka. Akavuta ule mchoro mpya karibu, akaweka kidole kwenye ile namba iliyotolewa, iliyokuwa imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, peke yake, nje ya jedwali.

"Andika mlipuko unaoshukiwa, wagonjwa wamethibitishwa na maabara ya kituo," alisema. "Ripoti ifike mkoani leo hii, kutangaza kwa nchi nzima waamue wao wizarani, sisi kazi tunaianza. Gari liondoke mchana."

Gari liliondoka mchana. Lakini yule mzee mfyatua matofali alifariki Alhamisi asubuhi, kwenye godoro la chini, dripu ikiwa mkononi. Alikuwa amechelewa kuja, tabibu alisema. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Bi Kizingiti aliipokea taarifa akiwa amesimama kwenye korido. Siku ile ya Jumanne alikuwa amemshika mkono, akimuuliza amelala wapi mwezi uliopita, akaandika jibu lake, akashukuru, akamgeukia wa pili yake. Ilikuwa lazima kuuliza. Bila yale majibu kumi na manne asingeweza kusimama mbele ya Mkuu. Alijua hivyo, na kujua hakukumsaidia. Tangu siku hiyo, kwenye foleni na kwenye makona, kofia ya sufi ikajiunga na sweta la kijani.

*

Wiki iliyofuata wagonjwa walikuwa hamsini na wanane, kisha sabini na wanne. Diwani alipita redioni kudai kwamba yeye ndiye aliyegundua. Wapulizia dawa walipanda mlima na mabomba mgongoni, wakaingia nyumba kwa nyumba, vitanda vikitolewa nje uani. Mashimo ya kifusi yakafukiwa, baada ya Mkuu mwenyewe kwenda kugombana na wajenzi wa barabara mpaka tai ikamkaa upande. Kitanda cha dirishani kilipata mgonjwa. Mama wa maabara ndiye aliyemsimulia Bi Kizingiti: aliletwa mjamzito mwenye degedege, magodoro yote yamejaa, na tabibu akasimama mlangoni kitambo, kisha akaenda kabatini akatoa shuka akatandika kwa mikono yake. Mama yule alipona. Mtoto alizaliwa njiti, lakini analia vizuri.

Wiki ya nne ikawa thelathini na tisa. Wiki ya sita, ishirini na tano, chini ya mstari, na ya saba na ya nane vilevile. Wakaandika kwamba mlipuko umekwisha. Waliokufa walikuwa wanne. Kwenye kikao watu walipiga makofi, wanne dhidi ya thelathini na saba, na Bi Kizingiti hakuweza kuinua mikono. Alikuwa amewajua wote wanne kwa majina.

Siku moja baada ya makofi hayo Bwana Mfumo aliingia bila kubisha hodi. Hakufuta miwani.

"Mama, nimepiga upya hesabu za kata zote, kama ulivyosema. Nimetoa kila mwaka wa mlipuko, kila ugonjwa." Akaweka karatasi mezani. "Kata ya msituni, kuhara damu. Miaka miwili nyuma walikuwa na mlipuko. Umo ndani ya mstari wao. Ukiutoa, wamevuka wiki tano zilizopita. Tumekuwa tukiwaona kijani."

Bi Kizingiti aliisoma karatasi amesimama, na alipofika mwisho alikuwa ameshashika mkoba.

Kata ya msituni ilikuwa saa tatu kwa gari. Dereva wa ambulansi hakupiga mluzi njia nzima. Walikuta muuguzi mmoja peke yake, foleni mpaka kwenye miti, na wawili waliokwisha kuzikwa: mtoto wa miaka minne na bibi yake, siku mbili mbalimbali, nyumba moja. Bi Kizingiti alichukua sampuli, akapiga simu kwa Mkuu, akaona dawa na chumvi za maji zikiahidiwa, akasikia sauti ya Mkuu ikisema gari liko njiani, kweli liko njiani. Kisha akaomba apelekwe kwenye ile nyumba.

Mama wa mtoto alikuwa amekaa mlangoni, nguo zake za msiba hazijafuliwa. Alimsikiliza mgeni akijitambulisha, kwamba ametoka wilayani, kwamba kazi yake ni kufuatilia magonjwa. Alimtazama bila hasira.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza.

Dereva alikohoa nyuma yake. Bi Kizingiti alikuwa na maelezo mengi, ya mistari na wastani na miaka mitano, na yote yalikuwa sahihi. Akakaa chini kwenye udongo, karibu na yule mama, magoti yakigusana.

"Tulikuwa tunawahesabu vibaya," alisema. "Niambie jina la mtoto. Na la bibi yake. Niambie alianza kuumwa siku gani."

Akatoa daftari, na mwanamke yule akaanza kusema.